Kesi ya Madai: Taarifa ya Shahidi, Ushahidi Mkuu na Maswali ya Dodoso

Mtu anayefungua kesi ya madai kwa mara ya kwanza huiwazia zaidi siku atakayosimama kizimbani. Katika mahakama za Kenya, hata hivyo, sehemu kubwa ya ushahidi wake huwa imekwisha kuandikwa, kutiwa saini na kuwasilishwa mahakamani muda mrefu kabla ya siku hiyo. Kinachobaki kusemwa kwa mdomo ni kidogo, na kingi kati ya hicho ni majibu ya maswali ya upande wa pili. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuelewa jinsi ushahidi unavyotolewa hana budi kuanza na karatasi.

Mfano wa kubuni utasaidia kulieleza jambo hili. Seremala mmoja alikubaliana na mwenye nyumba za kupangisha kumtengenezea milango 100 kwa bei ya shilingi 17,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,700,000. Alilipwa malipo ya awali ya shilingi 500,000 kupitia benki. Milango ilipelekwa kwa safari tatu: 40, kisha 35, kisha 25. Mwenye nyumba hakulipa salio la shilingi 1,200,000. Anasema alipokea milango 75 tu, na kwamba 15 kati ya hiyo ilikuwa imepinda. Kwa kuwa dai limezidi shilingi 1,000,000, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Mahakama ya Madai Madogo, seremala analifikisha katika mahakama ya hakimu.

Taarifa huwasilishwa pamoja na hati ya madai

Kanuni za Utaratibu wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinamtaka mdai aambatanishe hati yake ya madai na orodha ya mashahidi, taarifa zilizoandikwa na kutiwa saini na mashahidi hao, pamoja na nakala za nyaraka atakazozitegemea, ikiwemo barua ya kudai malipo aliyoiandika kabla ya kwenda mahakamani. Mdaiwa naye hufanya vivyo hivyo anapowasilisha utetezi wake. Taarifa ya shahidi mtaalamu haimo katika sharti hilo. Iwapo taarifa ya shahidi haikuwa tayari siku ya kufungua kesi, mahakama yaweza kuruhusu iletwe baadaye, angalau siku 15 kabla ya kikao cha maandalizi ya kesi.

Lengo la utaratibu huu ni kuondoa mambo ya kuviziana. Kila upande unajua mapema mashahidi wa mwenzake ni akina nani na watasema nini. Faida hiyo ina gharama yake: wakili wa upande wa pili huisoma taarifa hiyo kwa miezi kadhaa, mstari kwa mstari, akiilinganisha na nyaraka na kutafuta penye ufa.

Taarifa yenyewe ni masimulizi mafupi ya shahidi kwa nafsi ya kwanza. Huanza na jina lake, anakoishi na kazi yake, kisha hueleza matukio kwa mfuatano wa tarehe, kila tukio katika aya yake yenye namba. Namba hizo si pambo, kwa kuwa siku ya kesi wakili atasema, “Tazama aya ya 6,” na kila mtu atafungua ukurasa uleule. Katika mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu, lugha ya mahakama ni Kiingereza au Kiswahili. Hivyo shahidi anayekimudu Kiswahili zaidi anaweza kutoa ushahidi wake kwa Kiswahili. Hatari huja pale taarifa inapoandikwa kwa lugha asiyoielewa vyema, naye akatia saini bila kusomewa na kufafanuliwa. Siku ya kuhojiwa ataulizwa juu ya maneno ambayo si yake.

Alichokiona na alichoambiwa

Kosa linalowagharimu wengi ni kuandika kana kwamba shahidi aliyaona mambo yote. Tuseme taarifa ya seremala inasema: “Nilimpelekea mdaiwa milango 100 na akaipokea yote.” Sentensi hiyo inaonekana imara, lakini seremala mwenyewe aliandamana na lori safari mbili za kwanza tu. Safari ya tatu alibaki karakanani, akamtuma dereva. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo lililoonekana lielezwe na aliyeliona, na lililosikika lielezwe na aliyelisikia. Kuhusu milango 25 ya mwisho, seremala hana alichokiona zaidi ya lori kuondoka limejaa na kurudi tupu.

Taarifa iliyo bora ingelitenganisha jambo hilo. Katika aya moja seremala angesema kwamba safari ya kwanza na ya pili alikuwepo, akashuhudia milango 40 na 35 ikishushwa. Katika aya inayofuata angesema kwamba safari ya tatu alihesabu milango 25 ikipakiwa karakanani, akamkabidhi dereva kitabu cha stakabadhi, na jioni dereva akamrudishia kitabu hicho kikiwa na saini. Yaliyotokea huko kwenye ujenzi, na nani aliyetia saini, yangeelezwa na dereva katika taarifa yake mwenyewe. Sheria haiweki idadi ya mashahidi wanaohitajika kuthibitisha jambo. Shahidi mmoja anatosha, mradi awe ndiye anayelijua jambo hilo.

Kosa la pili ni kuficha jambo lisilopendeza. Katika mfano huu, mwenye nyumba alimwandikia seremala ujumbe wa simu akilalamika kwamba milango 6 imepinda. Seremala alijibu kwamba ataibadilisha, na wiki moja baadaye akaibadilisha. Asipoyataja hayo katika taarifa yake, ujumbe ule utasomwa kwa mara ya kwanza na wakili wa mdaiwa, mbele ya hakimu, nao utaonekana kama siri iliyofichuliwa. Akiyataja mwenyewe, kwa tarehe na kwa idadi, ujumbe uleule unakuwa ushahidi wake: mdaiwa alilalamikia milango 6, wala si 15, na malalamiko hayo yalitatuliwa.

Siku ya ushahidi mkuu

Ushahidi mkuu ni ule anaoutoa shahidi kwa upande uliomwita. Kwa kawaida mdai ndiye anayeanza. Shahidi huapa au kuthibitisha kwamba atasema kweli, kisha hujitambulisha. Hapo zamani wakili wake angemwongoza hatua kwa hatua kuisimulia habari yote. Siku hizi, mara nyingi huulizwa kama anaitambua taarifa iliyo katika jalada na kama saini iliyopo ni yake. Akikubali, husema maneno kama haya: “Naomba mahakama ichukue taarifa yangu kuwa ushahidi wangu mkuu.” Shughuli nzima yaweza kumalizika kwa dakika chache.

Tendo hilo fupi lina uzito mkubwa. Taarifa iliyolala katika jalada ikiwa na saini tu bado haijawa ushahidi. Inakuwa ushahidi pale shahidi aliyekula kiapo anapoichukua kuwa maneno yake. Kwa hiyo, endapo ameona kosa ndani yake, wakati wa kulisema ni kabla ya kuichukua. Tuseme taarifa ya seremala inataja tarehe 14 Machi na stakabadhi inaonyesha tarehe 17 Machi. Ni afadhali aeleze mwenyewe kwamba tarehe iliyo katika aya hiyo ilikosewa na kwamba ya stakabadhi ndiyo sahihi, kuliko kuisubiri imfikie kama swali. Hata hivyo, marekebisho ya aina hii ni ya makosa madogo. Habari mpya kabisa, ambayo upande wa pili haukupata kuiona, yaweza kupingwa, na mahakama yaweza kuikataa.

Wakati wa ushahidi mkuu, wakili haruhusiwi kumuuliza shahidi wake maswali yanayodokeza jibu kuhusu jambo linalobishaniwa, iwapo upande wa pili unapinga na mahakama haijaruhusu. Hawezi kuuliza, “Msimamizi wa ujenzi aliipokea milango 25, sivyo?” Atauliza, “Ulipofika kwenye ujenzi, nini kilitokea?” Maswali yenye kudokeza yanaruhusiwa katika mambo ya utangulizi na yale yasiyo na ubishi, kama vile jina na kazi ya shahidi.

Nyaraka nazo zina safari yake. Kuambatanisha nakala na hati ya madai hakuifanyi nakala hiyo kuwa kielelezo. Katika uamuzi wa mwaka 2015, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba hati iliyotiwa alama ya utambulisho tu, bila kutolewa rasmi na kupokewa, haiwi sehemu ya ushahidi. Shahidi anayeifahamu hati ndiye anayeomba ipokewe, na upande wa pili hupewa nafasi ya kupinga. Hati ikipokewa hupewa namba ya kielelezo. Tuseme seremala ametaja stakabadhi ya safari ya tatu, ikatiwa alama ikisubiri dereva, na dereva asifike. Stakabadhi hiyo yaweza kubaki alama tu mpaka hukumu. Ujumbe wa simu na taarifa za malipo zilizochapishwa kutoka kwenye kifaa cha kielektroniki hudai hatua ya ziada: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza jinsi kumbukumbu hiyo ilivyotolewa na kifaa kilichotumika.

Maswali ya dodoso

Shahidi akimaliza ushahidi mkuu, upande wa pili humhoji. Hapa kanuni hubadilika. Maswali yenye kudokeza jibu yanaruhusiwa, na wakili mzoefu huuliza karibu kila swali kwa namna ambayo jibu ni “ndiyo” au “hapana”. Maswali hayafungwi na yale yaliyosemwa katika ushahidi mkuu, ila ni lazima yahusu mambo yenye maana katika kesi au uaminifu wa shahidi. Sheria inaruhusu maswali ya kupima usahihi na ukweli wa maneno yake, ya kujua yeye ni nani, na ya kutikisa uaminifu wake. Maswali ya matusi, au yaliyokusudiwa kumuudhi tu, mahakama ina uwezo wa kuyazuia.

Maswali ya dodoso mara nyingi huenda kwa hatua ndogondogo. Iwapo seremala alitia saini ile taarifa ya kwanza, isiyotenganisha safari, mahojiano yanaweza kwenda hivi:

“Bwana, katika aya ya 6 unasema mdaiwa alipokea milango yote 100?”
“Ndiyo.”
“Safari ya tatu wewe ulikuwa karakanani?”
“Ndiyo, nilimtuma dereva.”
“Kwa hiyo hukuiona milango hiyo 25 ikishushwa?”
“Sikuiona.”
“Wala hukumwona aliyetia saini stakabadhi?”
“Sikumwona.”

Hakuna uongo uliosemwa katika majibu hayo. Lakini shahidi aliyedai kujua milango 100 amebaki na 75, na wakili ataketi bila kuuliza zaidi. Baadaye, katika hoja za mwisho, atamwambia hakimu kwamba shahidi anayeapa juu ya asichokiona hapaswi kuaminiwa hata kwa alichokiona. Kwa ile taarifa ya pili, maswali hayohayo yasingekuwa na makali, kwa sababu majibu yake tayari yameandikwa.

Njia nyingine ya kumdodosa shahidi ni kumlinganisha na maandishi yake ya awali. Wakili anaweza kumuuliza kuhusu jambo aliloandika kabla ya kumwonyesha maandishi hayo. Lakini akikusudia kuyatumia kumpinga, sheria inamtaka kwanza amwelekeze shahidi kwenye sehemu zile hasa. Shahidi anayeonyeshwa hati ana haki ya kuisoma kabla ya kujibu. Vilevile, sheria inamruhusu kujikumbusha kwa kutazama maandishi aliyoyafanya mwenyewe wakati wa tukio au muda mfupi baadaye. Ndiyo maana kitabu halisi cha stakabadhi kinafaa kuletwa mahakamani siku hiyo, hata kama nakala zake zimo katika jalada.

Ujibuji una nidhamu yake. Shahidi hujibu swali lililoulizwa, kisha hunyamaza. Asiyelielewa swali husema hakulielewa. Asiyejua husema hajui. Jibu hilo halimdhuru kama kubahatisha kunavyomdhuru. Majibu huelekezwa kwa hakimu, ambaye huandika kumbukumbu, hivyo kusema taratibu kunamsaidia kunukuu kwa usahihi. Dalili kwamba mambo yanaharibika ni shahidi kuanza kujibu swali analolihofia badala ya aliloulizwa. Akiulizwa, “Ulikuwepo?” naye akajibu, “Dereva wangu ni mwaminifu sana,” amekwisha kuonyesha mahali panapomuuma.

Anayejiwakilisha naye huuliza

Mtu asiye na wakili hulazimika kuwahoji mashahidi wa upande wa pili yeye mwenyewe. Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kubishana badala ya kuuliza. Seremala akisimama na kusema, “Wewe ni mwongo, ulipokea milango yote,” hakimu hana cha kuandika, maana hapo hakuna swali wala jibu. Angeweza kuuliza: “Jengo lako lina vyumba vingapi? Vyote vina wapangaji? Vyote vina milango? Milango mingine uliinunua kwa nani?” Kila jibu lingeingia katika kumbukumbu, na mdaiwa asiye na stakabadhi ya fundi mwingine angejikuta pabaya bila ya kuitwa mwongo.

Kosa la pili ni kunyamaza. Shahidi wa mdaiwa akisema kwamba milango 15 ilipinda, na seremala asimuulize lolote juu yake, mahakama yaweza kuuchukulia ushahidi huo kuwa haukupingwa. Haimlazimu kuuliza juu ya kila neno. Lakini kila jambo ambalo pande mbili zinatofautiana, na ambalo shahidi huyo analijua, linapaswa kufikishwa kwake: “Ni kweli au si kweli kwamba ujumbe wako ulitaja milango 6?”

Baada ya dodoso, upande uliomwita shahidi hupata nafasi ya maswali ya ufafanuzi. Maswali hayo hulenga yale tu yaliyojitokeza katika dodoso; jambo jipya huhitaji ruhusa ya mahakama, na likiruhusiwa, upande wa pili hupata tena nafasi ya kuhoji. Si mahali pa kurudia ushahidi mkuu. Katika mfano wetu, swali moja lingetosha: “Baada ya dereva kurudi, nani aliyekuletea stakabadhi, na ilikuwa na nini?”

Shahidi asiyefika

Jambo la mwisho ndilo linalowashangaza wengi. Dereva aliandika taarifa na kutia saini, lakini tangu hapo ameacha kazi na kuhamia mji mwingine. Seremala huenda akadhani kwamba karatasi ile itasema kwa niaba ya dereva. Sivyo. Shahidi asiyefika hajaapa, hajaichukua taarifa yake, na upande wa pili haujapata nafasi ya kumhoji. Isipokuwa pande zote zikubaliane taarifa hiyo ipokewe bila yeye kuitwa, au hali iwe mojawapo ya zile zinazoruhusiwa na sheria, kama vile shahidi kufariki au kutopatikana, maneno yake hayatazamiwi kubeba dai.

Hasara yake inahesabika. Bila dereva na bila stakabadhi ya safari ya tatu kupokewa, mahakama huenda ikaona kwamba kilichothibitishwa ni milango 75, yenye thamani ya shilingi 1,275,000. Yakitolewa malipo ya awali ya shilingi 500,000, seremala atapata shilingi 775,000 badala ya 1,200,000. Shilingi 425,000 zitakuwa zimepotea kwa sababu mtu mmoja hakufika, ingawa pengine milango ilifika.

Njia ya kuliepuka hilo ipo katika kanuni. Mhusika anaweza kuiomba mahakama itoe hati ya wito kwa shahidi, kumtaka afike kutoa ushahidi au alete hati aliyo nayo. Ombi hilo hufaa kutolewa mara tu tarehe ya kusikilizwa inapopangwa, ili wito umfikie shahidi mapema na gharama za safari yake ziwekwe. Anayesubiri mpaka asubuhi ya kesi ataomba kuahirishiwa, na mahakama haina wajibu wa kumkubalia.

Katika kesi za madai, hakimu hatafuti uhakika usio na shaka. Hupima ni upande gani ambao maelezo yake yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli, na anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini taarifa yoyote, mdai anaweza kuipitia aya kwa aya na kujiuliza maswali matatu: nililiona jambo hili mwenyewe? Kama sikuliona, nani aliliona, naye atafika? Na iko hati gani inayolionyesha, na nani atakayeitoa? Aya inayokosa jibu ndiyo wakili wa upande wa pili atakayoanza nayo.